Udhaifu Wako ni Upi? Swali la Usaili na Jibu Lisilokaririwa

Chalinze ni njia panda. Barabara ya Morogoro inapita hapo, na ile ya Segera inayokwenda Tanga na Arusha inachepukia hapo. Kwa mwanafunzi wa chuo au mhitimu mpya aliyekulia Bwilingu, Lugoba, Msata au Kiwangwa, barua za kuomba nafasi ya kujifunza kazi nazo huenda pande nyingi: halmashauri ya wilaya, kiwanda cha vigae cha Pingo, kiwanda cha kusindika matunda cha Mboga, ofisi za maji, mabenki, na kama hapo hapapatikani kitu, Dar es Salaam au Morogoro. Wengine wanatafuta fildi ya wiki chache wakati wa likizo ndefu ya chuo. Wengine wamemaliza masomo na wanapitia mpango wa mafunzo ya uzoefu kazini unaoratibiwa na Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ambao humweka mhitimu kazini kwa miezi 6 hadi 12. Popote wanapoitwa, swali moja karibu halikosekani: udhaifu wako ni upi? Na jibu moja limezoeleka mno: napenda kila kitu kiwe kamili, nafanya kazi kupita kiasi, sipumziki mpaka kazi iishe. Wajumbe wa jopo wanaangalia karatasi zao, wanaandika alama, wanakwenda swali linalofuata.

Wengi hudhani kosa la jibu hilo ni kwamba mwombaji amejiandaa kupita kiasi, na dawa yake ni kutojiandaa, aende aseme litakalomjia. Nadhani hapo tunakosea chanzo. Jibu linasikika limekaririwa kwa sababu halina tukio ndani yake. Linaweza kusemwa na mwombaji yeyote, wa fani yoyote, kwa ofisi yoyote, bila kubadilisha neno. Mtu anayesimulia jambo lililomtokea anaweza kuwa amelisimulia mara ishirini, bado msikilizaji akamwamini, maana anachokitafuta kichwani ni tukio lenyewe, na maneno yanakuja nyuma yake. Anayesema sentensi aliyoipokea kwa mwenzake anatafuta neno linalofuata, na sikio la mtu mzima linaitambua tofauti hiyo haraka. Kwa hiyo swali la kujiuliza unapojiandaa ni hili: je, unayoandaa ni maneno au ni mambo?

Kuna ushahidi kwamba jibu la kujisifu kwa mgongo wa udhaifu linamuumiza anayelitoa. Mwaka 2018 mtafiti Ovul Sezer na wenzake walichapisha mfululizo wa majaribio kuhusu tabia hiyo ya kujisifu kwa kujilalamikia. Katika mojawapo, wanafunzi wa chuo waliombwa waandike jinsi ambavyo wangejibu swali la udhaifu kwenye usaili wa kazi. Zaidi ya robo tatu yao walitoa sifa iliyovishwa nguo ya udhaifu, na zilizoongoza ni hizo hizo tunazozisikia hapa: kupenda ukamilifu na kufanya kazi kupita kiasi. Watu waliosoma majibu hayo bila kuwajua walioandika walielekea zaidi kuwaajiri wale wachache waliotaja udhaifu wa kweli. Jaribio lile lilifanyika Marekani, kwa maandishi, kwa kazi ya kufikirika, na sisemi kwamba lazima jopo la Pwani lifanane na wasomaji wale. Lakini sababu iliyojitokeza kwenye majaribio yale inaeleweka popote: anayejisifu waziwazi anaonekana mwenye majivuno, na anayejisifu kwa kujificha anaonekana mwenye majivuno na asiye mkweli pia. Anabeba hasara mbili.

Ili kuona jopo linatafuta nini hasa, inafaa tuingie kwenye nafasi moja mahususi. Tuchukue mwombaji wa kubuni, mwanafunzi wa stashahada ya uhasibu, anayeomba fildi kwenye kitengo cha mapato cha halmashauri kama ya Chalinze. Kazi ya kitengo hicho inajulikana. Wakusanya mapato wako barabarani, masokoni na kwenye vizuizi, wanatoza ushuru wa mazao, wa kokoto na mawe yanayotoka kwenye machimbo ya upande wa Lugoba, na tozo nyingine, kwa mashine za POS zinazotoa risiti. Fedha wanazokusanya zinatakiwa ziende benki, na mtu ofisini analinganisha kilichosomeka kwenye mashine na kilichoingia kwenye akaunti. Mwanafunzi wa fildi mara nyingi huwekwa karibu na kazi hiyo ya kulinganisha, kwa sababu ni ya kurudiarudia na inafundisha. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja zaidi ya mara moja, kwa halmashauri mbalimbali nchini, fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo ambazo hazikupelekwa benki. Mweka hazina anayekaa kwenye jopo anazijua hoja hizo za ukaguzi. Anapomuuliza kijana udhaifu wake, anataka kujua: huyu akiona tofauti kwenye hesabu zangu, nitaambiwa lini?

Ukilitazama swali hivyo, umbo la jibu linabadilika. Nafasi ya kujifunza kazi hutolewa kwa mtu ambaye kila mtu mezani anajua hajui kazi. Hakuna anayetarajia mwanafunzi wa fildi asiwe na mapungufu. Kinachomsumbua msimamizi ni kutojua aweke jicho lake wapi, na kutojua kama huyu mtu atasema anapokwama au atanyamaza mpaka mambo yaharibike. Udhaifu unaofaa kutajwa, kwa hiyo, ni ule ambao msimamizi wako angeugundua mwenyewe ndani ya mwezi wa kwanza. Ukiwa mbali mno na kazi, kama kuogopa kuimba mbele za watu, utaonekana umekwepa. Ukiwa ndio uti wa mgongo wa kazi yenyewe, kama mhasibu asiyeaminika na fedha, basi hilo si suala la namna ya kujibu, ni suala la kuomba nafasi nyingine.

Turudi kwa mwombaji wetu. Tuseme wakati wa likizo alikuwa akiandika mauzo kwenye duka la vifaa vya ujenzi Msata. Jioni moja alipofunga hesabu, daftari lilizidi fedha taslimu na malipo ya simu kwa shilingi 48,000. Alinyamaza. Alipitia risiti usiku ule, akapitia tena kesho yake, na mwenye duka hakuambiwa kitu. Siku ya tatu aligundua kwamba fundi mmoja aliyechukua mifuko mitatu ya saruji, kila mmoja shilingi 16,000, alionyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, lakini fedha haikuwahi kuingia kwenye simu ya duka. Mpaka hapo fundi alishamaliza kazi na kuondoka. Siku ya kwanza alikuwa bado yupo kwenye jengo lililo ng'ambo ya barabara.

Sasa aulizwe udhaifu wake. Anaweza kusema hivi: "Nikikuta hesabu haikai sawa, nachelewa kusema. Nataka niitafute mwenyewe kwanza. Dukani Msata ilipungua elfu arobaini na nane, nikakaa nayo siku mbili, kumbe ni mteja alionyesha meseji ya malipo na hela haikuingia. Nilipokuja kusema alishaondoka. Tangu hapo najipa nusu saa baada ya kufunga. Isipoonekana, naandika kwenye daftari na kumwambia bosi jioni ile ile. Bado nasitasita akiwa na wageni, kwa hiyo siku hizi namwachia karatasi mezani." Jibu hilo linamalizika chini ya dakika moja. Halina neno hata moja la kitabuni. Kila kipande chake kinaweza kuulizwa zaidi, na mwombaji ana la kusema, kwa kuwa lilimtokea.

Na ataulizwa. Hapa ndipo jibu la kukariri linapovunjikia, na ndipo maandalizi mengi yanapokosa kufika. Mjumbe akimwuliza yule mpenda ukamilifu, "Lini mara ya mwisho huo ukamilifu ulikuchelewesha?", anakuta hakuna kitu nyuma ya pazia. Kijana anarudia sentensi ile ile kwa sauti ya juu kidogo, au anatunga tukio papo hapo, na tukio la kutunga halina bei ya mfuko wa saruji. Mwombaji wetu akiulizwa, "Kwa nini ulinyamaza?", anaweza kusema ukweli ulio mgumu zaidi: aliogopa ataonekana yeye ndiye aliyechukua. Kila aliyewahi kushika fedha za mtu mwingine anaijua hofu hiyo. Mweka hazina anaijua pia, na sasa anajua kwamba kijana huyu anatakiwa kuambiwa siku ya kwanza kwamba kuripoti upungufu si kukiri wizi. Amepata alichokuwa anakitafuta. Mwombaji akiongeza, "Nikipata nafasi hapa ningependa nionyeshwe mapema tofauti inaripotiwa kwa nani," mazungumzo yamekuwa ya watu wawili wanaopanga kazi.

Sehemu ya "bado nasitasita" ndiyo ambayo waombaji wengi huiacha, na nadhani ndiyo inayobeba uzito mkubwa kuliko zote. Walimu wa mahojiano hufundisha utaje udhaifu kisha useme ulivyoumaliza. Matokeo yake ni hadithi iliyofungwa vizuri mno: nilikuwa mwoga wa kuongea mbele za watu, nikajiunga na klabu ya midahalo, sasa ni msemaji hodari. Huo si udhaifu tena, ni sifa iliyochelewa kufika. Jopo limeuliza kuhusu leo. Tabia za watu wazima hazimalizwi kwa mkato hivyo, na anayedai amezimaliza anasikika kama msoma hotuba, hata kama tukio lake lilikuwa la kweli.

Kuna pingamizi linalotolewa mara kwa mara, nalo lina nguvu: nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na anayejitangazia kasoro amewapunguzia wengine kazi ya kumshinda. Jaribio la zamani la Elliot Aronson na wenzake, la mwaka 1966, linasaidia kuonyesha pingamizi hili lina ukweli kiasi gani. Wanafunzi walisikiliza rekodi ya mtu akijibu maswali magumu ya chemsha bongo. Katika baadhi ya rekodi alipata asilimia 92, katika nyingine asilimia 30 tu. Mwishoni, kwa baadhi ya wasikilizaji, alisikika akijimwagia kahawa. Yule hodari alipendwa zaidi baada ya kujimwagia; yule wa asilimia 30 alipendwa pungufu. Kumwaga kahawa si sawa na kuungama kasoro ya kazi, lakini mwelekeo wake unafaa kuzingatiwa: kasoro inamfanya mtu awe karibu na wasikilizaji ikiwa tayari wameona anaweza kazi, na inamzamisha ikiwa hawajaona. Maana yake kwa mwombaji wa fildi ni kwamba jibu la udhaifu haliwezi kuokoa usaili mbovu. Kama alipoulizwa tofauti ya hati ya malipo na risiti alibabaika, ukweli wake wa baadaye utaongeza tu orodha ya mashaka. Muda mwingi wa maandalizi unastahili kwenda kwenye kazi yenyewe.

Pingamizi la pili linatoka kwenye malezi. Kijana wa Kiswahili amefundishwa asijianike mbele ya wakubwa, na jopo la watu watatu wenye umri wa wazazi wake linamrudisha kwenye hali hiyo hiyo: shikamoo, macho chini, majibu mafupi ya kukubali. Kumtaka aseme kasoro yake hapo kunaonekana kama kumtaka avunje adabu. Naona adabu haivunjwi kama anayoyataja ni ya kazi. Malezi yale yale yana mahali pa mtu kusema amekosea kwa mkubwa, na kusema mapema. Kinachokatazwa ni kuanika ya chumbani. Mpaka huo ni mzuri, na tena una sheria nyuma yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza mwajiri kubagua kwa misingi kama ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, na kuishi na virusi vya Ukimwi, na ulinzi huo unamgusa hata anayeomba kazi. Binti mwenye mtoto mchanga hana sababu ya kumtaja mtoto wake anapoulizwa udhaifu. Mwenye ulemavu wa kusikia sikio moja anaweza kuomba akae upande fulani wa meza, lakini hilo si udhaifu wa kuungamwa na lisiwekwe kwenye jibu hili.

Jambo la tatu linahusu lugha, na kwetu Tanzania nadhani ndilo linalozalisha majibu mengi ya kukariri kuliko tabia yenyewe ya waombaji. Mtoto anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, anaingia sekondari kwa Kiingereza, na anafika kwenye usaili ambao anahisi utaendeshwa kwa Kiingereza, wakati maisha yake yote ya kazi, dukani, shambani, kwenye vibanda vya mananasi kule Kiwangwa, yametokea kwa Kiswahili. Matukio yako upande mmoja wa kichwa na maneno yanayotakiwa yako upande mwingine. Njia rahisi ni kuchukua sentensi tatu za Kiingereza zilizokwisha tengenezwa na mtu mwingine na kuzikariri zilivyo. Kijana huyu si mvivu wala mwongo. Amekosa daraja. Ndiyo maana kumwambia "kuwa wewe mwenyewe" hakumsaidii kitu.

Kinachomsaidia ni mpangilio wa maandalizi. Aanze kwa Kiswahili, amsimulie ndugu au rafiki tukio lote kama lilivyotokea, bila kulipamba, hata kama linachukua dakika tano. Msikilizaji aulize anachotaka kujua: ilikuwa lini, shilingi ngapi, ulimwambia nani, mwenye duka angefanya nini kama angejua. Baadaye aandike kwenye karatasi maneno matano au sita tu ya kumkumbusha: duka, 48,000, siku mbili, fundi, nusu saa, karatasi. Asiandike sentensi, kwa sababu sentensi iliyoandikwa hukaririwa hata kama hukukusudia. Kisha asimulie tena kwa Kiingereza kutokana na maneno hayo, kwa sentensi fupi anazozimudu, akubali kwamba sarufi itayumba. Amsimulie mtu mwingine siku nyingine, aanzie mahali pengine, pengine kwa fundi, pengine kwa ile nusu saa. Akijirekodi kwa simu mara mbili na kukuta maneno yale yale yamejipanga vile vile, amekariri, arudi kwenye tukio. Akikuta maneno yamebadilika lakini shilingi, siku na watu ni wale wale, yuko tayari. Kwenye rekodi asikilize pia mapumziko. Anayekumbuka tukio husita katikati ya sentensi, akitafuta jambo. Anayesoma kichwani hutiririka mpaka kwenye nukta, akameza mate, akaanza nyingine.

Usaili ukianza kwa Kiingereza na akafika mahali amekwama, hakuna ubaya kuomba kwa adabu amalizie kwa Kiswahili. Jopo linaweza kukataa, na mahali ambapo kazi yenyewe inafanywa kwa Kiingereza lina haki ya kukataa. Kwenye kitengo kinachoshughulika na madereva wa malori ya kokoto na wauza mahindi, itakuwa ajabu likikataa.

Wapo wanaosema mijadala yote hii haina maana kwa sababu majopo mengi hutumia karatasi ya alama, na mjumbe anasahihisha kwa kuangalia kama jibu lina vitu vilivyoorodheshwa. Ni kweli kwamba usaili wenye maswali yale yale kwa wote na alama zilizopangwa mapema hutabiri utendaji wa kazi vizuri kuliko mazungumzo ya ovyo. Utafiti wa miaka mingi wa saikolojia ya kazi unakubaliana juu ya hilo. Lakini karatasi ya alama haimpendelei aliyekariri. Kama ina sehemu ya "ametaja udhaifu" na sehemu ya "ameeleza hatua anazochukua", jibu la duka la Msata linapata zote mbili, na mjumbe ana kitu cha kuandika kwenye nafasi ya maoni. Linachohitaji ni mpangilio unaofuatika: udhaifu utajwe kwenye sentensi ya kwanza, tukio lifuate, hatua zifuate. Anayeanza na tukio na kuufikia udhaifu mwishoni anaweza kumpoteza mjumbe anayesahihisha waombaji wengi kwa siku moja.

Kuna majopo ambayo yatamkata alama anayesema kweli. Wapo wasaili wanaochukua neno lolote la upungufu kama sababu ya kumwondoa mtu, na dhidi yao hakuna namna ya kujibu inayofanya kazi kila mara. Mwombaji anaweza kupunguza hatari kwa kuchagua udhaifu wa kiasi, na akiona wajumbe wamekunja uso, kwa kutoendelea kujieleza. Kujitetea baada ya jibu kumalizika ndiko kunakoharibu zaidi. Aseme, anyamaze, angoje.

Na ajue kwamba mara nyingine mjumbe huitikia kwa kichwa na kuuliza, "Na mwingine?" Swali hilo la ziada linakusudiwa kufika mahali ambapo kukariri hakujafika, na mwombaji aliyejiandaa kwa udhaifu mmoja tu hurudi ghafla kwenye ukamilifu na kutopumzika. Awe na wa pili, mdogo na wa kiufundi. Kwa mwanafunzi wetu wa uhasibu unaweza kuwa kwamba kwenye Excel anajua kujumlisha na kuchuja, lakini kulinganisha orodha mbili ndefu bado anafanya kwa macho na kalamu, mstari kwa mstari, na orodha ya miamala 300 ilimchukua mchana mzima. Amepata mtu wa kumfundisha fomula ya VLOOKUP na ameijaribu kwenye kompyuta ya chuo. Inamkubali tarakimu zikiwa safi, na inamgomea namba za risiti zikiwa zimeandikwa na nafasi katikati.